Makusanyo yakishuka baada ya kupandisha bei, usikimbilie kusema ni hasara

Kila mayai au mafuta ya kula yanapopanda, wenye vibanda vya chakula hurudi kwenye ubishi uleule: nipandishe bei au nivumilie? Siku hizi ubishi huo umepata kitu ambacho zamani haukuwa nacho, nacho ni ushahidi. Muuza chipsi anayelipwa kwa Lipa Namba anafungua simu na kuona mwezi uliopita ziliingia shilingi ngapi na mwezi huu ngapi, na mwenye kijana makini ana daftari la sahani zilizotoka kila siku. Ndiyo maana mitandaoni zimejaa shuhuda za aina mbili. Huyu anasimulia kwamba alipandisha mia tano, makusanyo yakashuka, akairudisha bei mbio kabla hajafunga biashara. Yule anasema alipandisha, wateja wakanung'unika wiki moja, na sasa pesa inaingia kuliko zamani, kwa hiyo anayeogopa kupandisha ni mwoga tu. Wote wawili wana namba mkononi, na wote wawili huenda wamekosea. Hoja yangu ni kwamba rekodi za kabla na baada zinaweza kabisa kujibu swali la bei, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, uhesabu kinachobaki kwenye kila sahani badala ya pesa iliyoingia. La pili, usiulinganishe mwezi wa baada na mwezi uliopita kama ulivyokuwa, bali na mwezi ambao ungeupata kama bei usingeigusa. Sharti la pili ndilo linalosahauliwa zaidi, hata na watu waliosoma biashara.

Tuchukue kibanda cha mfano cha chipsi mayai, ile zege ya Dar es Salaam, kilicho jirani na chuo. Sahani inauzwa shilingi 2,500. Viazi vya sahani moja vinakula 500, mayai mawili 700 kwa trei ya 10,500, mafuta 300, mkaa 100, na kachumbari, tomato na mfuko vinamaliza 100 nyingine. Jumla ni 1,700, kwa hiyo kila sahani inaacha 800. Kodi ya eneo na posho ya kijana sijazitia humo kwa makusudi, kwa sababu zinalipwa zilezile sahani zitoke 60 au 100 kwa siku, na kitu kisichobadilika hakiwezi kutuambia kama kupandisha bei kulifaa. Ila kama kijana analipwa kwa sahani badala ya kwa siku, malipo yake yanahamia upande wa viazi na mayai. Nimeona watu wakivuruga hesabu nzima hapo: wanagawa kodi ya mwezi kwa idadi ya sahani, wanaiita gharama ya sahani, kisha sahani zikipungua wanashangaa kwa nini gharama ya kila moja imepanda wakati sokoni hakuna kilichobadilika.

Kibanda chetu kilikuwa kinatoa sahani 600 kwa wiki, yaani 2,400 kwa wiki nne. Kikapandisha bei hadi 3,000, na katika wiki nne zilizofuata zikatoka sahani 1,920. Wateja wamepungua kwa asilimia 20, si mchezo. Makusanyo yalikuwa 6,000,000, sasa ni 5,760,000. Mwenye kibanda akitazama simu yake anaona amepoteza 240,000, na hapo ndipo wengi hurudisha bei ya zamani. Lakini gharama zikiwa zilezile, kila sahani sasa inaacha 1,300 badala ya 800. Zidisha: kabla, 2,400 mara 800 ni 1,920,000; baada, 1,920 mara 1,300 ni 2,496,000. Ameongeza 576,000 kabla ya kodi na posho, huku akimenya viazi vichache na kuchoma mkaa kidogo. Simu haikudanganya, iliulizwa kuhusu pesa iliyoingia ikajibu kuhusu pesa iliyoingia. Sahani 480 ambazo hazikuuzwa zilikuwa zije na mayai yake, mafuta yake na viazi vyake, na hivyo vyote havikununuliwa.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata namba moja ambayo kila anayetaka kupandisha bei angepaswa kuwa nayo kabla ya kufuta bei ya zamani ubaoni. Chukua nyongeza ya bei, igawe kwa kinachobaki kipya. Hapa ni 500 kugawa kwa 1,300, ambayo ni kama asilimia 38. Huo ndio mpaka: sahani zikipungua chini ya asilimia 38, kupandisha kumelipa, zikipungua zaidi ya hapo, hakujalipa. Kwa hiyo swali la kama wateja watapungua halina maana kubwa, maana karibu kila mara watapungua. Kinachoulizwa ni kama watapungua mpaka kuuvuka mpaka huo, na mpaka wenyewe unajulikana hata kabla sahani ya kwanza ya 3,000 haijauzwa.

Upande wa pili una hoja zake na zisidharauliwe. Wanaosema bora faida kidogo na mauzo mengi wanakumbusha kwamba mteja wa chipsi hanunui chipsi peke yake. Anashushia na soda, siku ya mshahara anaongeza mishkaki, na mwanafunzi mmoja akija huja na wenzake watatu. Ni kweli, na hesabu yangu ya juu imeliacha hilo nje. Kulirekebisha si kazi ngumu: kama kwenye daftari nusu ya sahani hutoka na soda, na soda inaacha shilingi 150, basi sahani 480 zilizopotea zimeondoka na soda 240, yaani 36,000. Zitoe kwenye 576,000 na kupandisha bado kunashinda. Kwa kibanda ambacho mishkaki ndiyo inayoleta pesa na chipsi ni za kumvutia mtu tu, makato hayo yanaweza kuwa makubwa kiasi cha kugeuza jibu, kwa hiyo ni lazima yahesabiwe na wala yasibaki kuwa hisia.

Hoja yao dhaifu ni ile inayotamkwa kwa kujiamini zaidi, kwamba ukipunguza bei utafidia kwa wingi. Shusha sahani kutoka 2,500 hadi 2,200. Kinachobaki kinatoka 800 hadi 500, na ili upate 1,920,000 ileile unahitaji sahani 3,840, nyongeza ya asilimia 60. Kikaango ni kilekile, jiko ni lilelile, na saa za watu kula chipsi zinajulikana. Foleni ya saa mbili usiku haiwezi kurefushwa kwa asilimia 60 bila kuajiri kijana wa pili na kununua jiko la pili, na papo hapo gharama tulizosema hazibadiliki zinaanza kubadilika. Punguzo la asilimia 12 kwenye bei linadai ongezeko la asilimia 60 kwenye kazi, na sijaona kibanda kinachofika huko kwa bei peke yake.

Mpaka hapa nimejifanya kana kwamba gharama zimetulia. Katika maisha ya kweli watu wengi hupandisha bei kwa sababu gharama zimepanda, na hapa ndipo sharti la pili linapoingia. Tuseme trei imetoka 10,500 hadi 12,000, mafuta ya sahani yamekuwa 400 na viazi 600. Sahani sasa inagharimu 2,000. Kwa bei ya 3,000 inaacha 1,000, na kwa sahani 1,920 kibanda kinapata 1,920,000, sawasawa na kabla. Mwenye kibanda anaangalia, anasema: nimepoteza wateja 480, nimechafua jina, na sijaongeza hata senti. Angepoteza zaidi ya hao, angesema kabisa kwamba kupandisha kulimtia hasara. Lakini amejilinganisha na mwezi wa mayai ya 10,500, na mwezi huo haupo tena kwa yeyote, aliyepandisha na asiyepandisha. Kama angebaki na 2,500 yake, kila sahani ingeacha 500, na hata kama wateja wote 2,400 wangebaki angepata 1,200,000. Tofauti iliyoletwa na bei ni 720,000, na haionekani popote kwenye daftari, kwa sababu daftari linaandika yaliyotokea tu. Zaidi ya hayo, mpaka wenyewe umesogea: 500 kugawa kwa 1,000 ni asilimia 50. Gharama zilipopanda, kibanda kilipata uwezo wa kupoteza hadi nusu ya wateja kabla ya kujuta kupandisha. Watu wengi hudhani kinyume chake, kwamba wakati wa gharama kubwa ndipo mteja hapaswi kuguswa. Ukweli ni kwamba sahani inayoacha 500 tu ni rahisi kuiacha iende.

Kosa hili si la vibanda tu. Julai 2011 kampuni ya filamu ya Netflix ya Marekani ilitangaza kwamba kifurushi kimoja cha dola 9.99, kilichompa mteja filamu za mtandaoni pamoja na diski za kutumiwa kwa posta, kitagawanywa kuwa viwili vya dola 7.99 kila kimoja. Anayetaka vyote alipe 15.98, nyongeza ya asilimia 60. Kwa wateja waliokuwepo bei hiyo ilianza Septemba. Mwisho wa Juni kampuni ilikuwa na wateja wapatao milioni 24.6 nchini Marekani. Mwisho wa Septemba walikuwa milioni 23.8. Waliopotea ni kama 800,000, na magazeti yakaandika maafa. Wengine wakajibu kwamba hiyo ni asilimia 3 tu, na mapato ya robo hiyo ya mwaka yalipanda kutoka dola milioni 789 hadi 822, kwa hiyo maafa yako wapi? Kambi zote mbili zilikuwa zinalinganisha Juni na Septemba. Lakini katika robo iliyotangulia kampuni hiyohiyo ilikuwa imeongeza wateja karibu milioni 1.8 nchini mwake, kutoka milioni 22.8. Biashara inayokua kwa kasi hiyo haipimwi kwa idadi ya Juni, inapimwa kwa idadi ambayo ingefikia Septemba bila bei mpya, na kwa kipimo hicho pengo ni kubwa kuliko 800,000. Upande wa mapato nao ulikuwa na kasoro yake: kati ya miezi mitatu ya robo hiyo, wateja wa zamani walilipa bei mpya mwezi mmoja tu. Tena tarehe 18 Septemba kampuni ikatangaza kuzitenga diski katika huduma nyingine yenye jina la Qwikster, jambo lililowaudhi watu upya, na mpango huo ukafutwa Oktoba. Nani basi aliondoka kwa sababu ya bei na nani kwa sababu ya Qwikster? Rekodi za robo ile haziwezi kuwatenganisha, kwa kuwa mambo mawili yalifanyika ndani ya dirisha moja.

Kwenye kibanda chetu jirani na chuo, Qwikster ni likizo. Tuseme bei ilipanda wiki ileile wanafunzi walipoanza kurudi kwao. Ule upungufu wa asilimia 20 una sehemu ya bei na sehemu ya kalenda, na njia nyepesi ya kuzitenga ni kutafuta kibanda kingine kinachotegemea wanafunzi lakini hakikugusa bei. Kama mwenye biashara ana kibanda cha pili kwenye chuo kingine chenye ratiba ileile, na huko sahani zilipungua kwa asilimia 12, basi hata bila kupandisha kibanda cha kwanza kingetoa 2,112 badala ya 2,400. Kutoka 2,112 hadi 1,920 ni upungufu wa sahani 192, kama asilimia 9. Hiyo ndiyo kazi ya bei. Sahani nyingine 288 zilisafiri na mabasi ya mikoani. Tahadhari moja hapa ni kubwa: kibanda cha kulinganisha kisiwe mtaa wa pili. Kikiwa karibu, wateja waliokimbia bei yako ndio waliokwenda kula huko, mauzo yake yatakuwa yamevimba kwa sababu yako, na utajihukumu kwa upungufu mkubwa kuliko wa kweli. Asiye na kibanda cha pili atumie wiki hizohizo za mwaka jana kama daftari lake bado lipo. Mfungo wa Ramadhani utazamwe kwa jicho la peke yake, maana kila mwaka unawahi kwa kama siku 11 katika kalenda ya kawaida, na wiki nne zilizokuwa za mfungo mwaka jana huenda mwaka huu zikawa sehemu mfungo, sehemu sikukuu na siku za kawaida.

Wiki nne zenyewe hazifanani. Zile sahani 1,920 ukizifungua wiki kwa wiki unaweza kukuta 540, 480, 450, 450. Wastani ni 480, lakini hakuna sababu ya kuamini kwamba mwezi ujao utakuwa na wiki za 480. Wiki ya kwanza ilijaa watu ambao hawakujua bei imepanda. Walifika, wakaambiwa 3,000, wakaona aibu kugeuka, wakalipa, na hawakurudi. Biashara imetua kwenye 450. Namba hiyo ndiyo ya kupangia, na kwa gharama ya 2,000 inaleta 1,800,000 kwa wiki nne, chini ya 1,920,000 ya zamani lakini juu sana ya 1,200,000 ambayo bei ya zamani ingeleta. Yupo pia anayepata mwendo wa kinyume, wiki ya kwanza ya kususiwa kisha watu kurejea polepole baada ya kuzunguka vibanda vingine na kukuta navyo vimepandisha. Kwa hiyo anayetoa ushuhuda siku ya tano, awe analia au anashangilia, hana bado cha kushuhudia.

Kuna hila moja inayoharibu rekodi za kabla, nayo haiandikwi popote. Wauza chipsi wengi hawaanzi kwa kupandisha bei, wanaanza kwa kupunguza kipimo. Bei zetu huruka kwa mia tano, na mia tano ni kubwa, kwa hiyo kijana huanza kuteka viazi pungufu kidogo, kisha yai moja linakuwa la ukubwa wa chini. Kwa mlaji hilo ni ongezeko la bei, na baadhi yao huondoka kimyakimya wiki kadhaa kabla ubao haujafutwa. Ukija kuhesabu, mwezi wa kabla tayari una upungufu ndani yake na gharama ndogo kuliko ulivyodhani, na athari ya bei mpya itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Anayetaka kujua ukweli aanze kuhesabu tangu siku kipimo kilipopungua, na siku hiyo kwa kawaida anaijua yeye na kijana wake.

Mpaka ule wa kugawa nyongeza kwa kinachobaki kipya haufanani kwa kila biashara, na hapa ushauri wa jumla wa kupandisha bila woga unakwama. Kinyozi mwenye kiti chake, anayenyoa kwa 3,000 na kutumia kama 200 za spiriti, wembe na umeme, anabaki na 2,800. Akipandisha 500, mpaka wake ni 500 kugawa kwa 3,300, kama asilimia 15. Akipoteza wateja wawili kati ya kila kumi ameshaumia, hata kama makusanyo yake hayajayumba sana. Mwenye duka la rejareja aliyenunua sukari kilo kwa 2,600 na kuiuza 2,800, akiongeza 100, mpaka wake ni asilimia 33, wa kuvumilika kuliko wa kinyozi kwenye karatasi. Lakini sukari yake ni ileile ya duka la ng'ambo ya barabara, kwa hiyo kwa shilingi 100 wateja wanaweza kuondoka zaidi ya nusu, ilhali mtu aliyemzoea kinyozi wake hamwachi kirahisi. Mpaka unatoka kwenye gharama zako, na idadi ya watakaoondoka inatoka kwa majirani zako. Mwenye chipsi hawezi kuazima jibu la kinyozi, hata kama wote wamepandisha mia tano.

Kwa kibanda chetu, basi, namba ya kubandika ukutani kwa mwezi unaofuata si 600. Chuo kikiwa wazi na gharama zikibaki 2,000, ni sahani 300 kwa wiki, kwa sababu 300 kwa 1,000 zinalingana na 600 kwa 500. Chuo kikiwa likizo inashuka hadi 264. Trei ikirudi 10,500, na mafuta na viazi vikarudi vilikokuwa, namba inapanda hadi kama 370, na wiki za 450 bado ziko juu yake, ila kwa nafasi ndogo zaidi. Na huo ndio wakati jirani aliyepandisha naye hushawishika kurudi 2,500, jambo ambalo hakuna daftari la mwezi uliopita litakalolionyesha mapema.